Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni ya nani, na inaishia wapi?

*Habari mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kahama. Laini ninayotumia niliinunua stendi mwaka juzi kwa kijana wa mwavuli, akaniambia imeshasajiliwa, niweke vocha tu nianze kuongea. Wateja wangu wote wananipata kwa namba hiyo na pesa za vitambaa zinapitia humo. Tatizo ni kwamba mtu akinitumia pesa linatokea jina la mwanaume nisiyemjua. NIDA yangu ninayo. Kwa nini makampuni yanang'ang'ania kitambulisho na alama za vidole? Na laini hii itafanywa nini nikiiacha hivi hivi?*

Dada, kabla hujasoma zaidi, nenda kwa wakala ukatoe pesa zilizomo kwenye laini hiyo, ubakize za matumizi ya siku tu. Sababu nitaieleza, lakini kutoa pesa kusisubiri maelezo. Leo namba ya siri unayo wewe, kadi iko kwenye simu yako na laini inafanya kazi, kwa hiyo pesa zinatoka bila kuulizwa na mtu. Siku simu ikiibiwa au laini ikifungwa, pesa hizo hizo zitadaiwa kwa kidole, na kidole kitakachotakiwa si chako.

Kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu hakuna mahali panapoandikwa mtumiaji wa laini ni nani. Kuna mwenye laini, basi. Umeitumia miaka miwili, umeiwekea vocha, wateja wanakujua kwa hiyo, yote hayo kampuni haiyaoni kama ushahidi wa umiliki. Inachokiona ni namba ya kitambulisho cha taifa iliyofungwa kwenye namba hiyo ya simu, na jina lililorudi kutoka NIDA siku ya usajili. Ndilo jina hilo wanaloliona wateja wako.

Sasa tazama hiyo "mwaka juzi" uliyoitaja, maana ndiyo inayoonyesha una laini ya aina gani.

Usajili wa laini Tanzania ulianza mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kifungu cha 93, ikaufanya kuwa wajibu wa kila mwenye laini. Kwa miaka mingi usajili huo ulikuwa wa fomu ya karatasi. Ulijaza jina, ukaambatanisha nakala ya kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, pasipoti au hata barua ya serikali ya mtaa, wakala akaipeleka fomu kwa msambazaji wake. Hapakuwa na njia ya kujua kama barua ile ni ya kweli au kama aliyejaza fomu ndiye mwenye kitambulisho. Jina lolote lilipita.

Tarehe 1 Mei 2019 utaratibu ukabadilika kabisa. Kwa Mtanzania, kitambulisho kikawa kimoja tu, cha NIDA, na jina haliandikwi tena kwa mkono: kidole ndicho kinacholileta. Laini zote za fomu zilitakiwa zisajiliwe upya kabla ya 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na kuanzia 20 Januari 2020 zilizobaki zikaanza kuzimwa kwa awamu. Kwa hiyo laini iliyouzwa stendi mwaka juzi ikiwa hai haiwezi kuwa na jina la kubuni. Huyo mwanaume yupo, au alikuwepo. Kuna siku aliweka kidole chake kwenye mashine ya wakala, laini hiyo ikazaliwa, na yeye huenda hana habari nayo mpaka leo.

Linawezekanaje hilo? Tuangalie usajili unavyofanyika pale chini ya mwavuli, hatua kwa hatua.

Wakala ana simu janja yenye programu ya kampuni, na kifaa kidogo cha kusoma alama za vidole kilichounganishwa kwa waya. Anachukua kadi mpya na kuingiza ile namba ndefu iliyochapishwa mgongoni mwake, inayoanza na 89255, ambayo ndiyo utambulisho wa kadi yenyewe. Kisha anaandika namba yako ya NIDA, tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Skrini inaleta picha ya mikono miwili, anachagua kidole, unakibonyeza. Namba na alama vinakwenda NIDA, vinalinganishwa na alama ulizotoa siku ulipojiandikisha kitambulisho, na jibu linarudi: ama vimelingana, na majina yako yanajitokeza, au havijalingana. Vikilingana, wakala anakamilisha, na baada ya muda kampuni inatuma ujumbe kwamba laini imesajiliwa. Wakala hana pa kubadilisha jina. Mfumo huo ni imara, na nausifu kwa hilo.

Udhaifu wake uko kwenye kitu kidogo. Anayebonyeza kidole hajui kilichomo kwenye skrini ya wakala. Mtu amekwenda kusajili laini moja. Kidole kimesoma vizuri mara ya kwanza, lakini wakala anageuza simu kidogo na kusema, "Haijasoma mzee, jaribu tena." Wakati huo ameshafungua usajili mwingine kwa kadi nyingine aliyo nayo mfukoni. Mzee anabonyeza. "Mtandao unasumbua leo, weka kingine." Anabonyeza tena. Anaondoka na laini moja, akiwa ameacha nyuma laini nyingine mbili zenye jina lake, ambazo wakala atawauzia watu wasio na NIDA, wasio na subira, au wanaotaka laini isiyowataja. Nimefanya kazi ya kusimamia mawakala wa usajili na huu ndio ujanja niliokutana nao mara nyingi kuliko mwingine wowote. Waathirika wake wakubwa ni wazee na watu wasiosoma, na wengi wao ni watu ambao vidole vyao kweli vinasumbua kusoma kwa sababu ya jembe au saruji, kwa hiyo kuambiwa "weka tena" hakuwashtui.

Laini yako, dada, kwa kila dalili ni moja ya hizo. Wewe hukuiba kitu, ulilipa pesa yako. Lakini upande wa pili kuna mtu ambaye jina lake linatumika bila ridhaa yake, na sheria iko upande wake.

Umeuliza kwa nini makampuni yanang'ang'ania. Jibu fupi ni kwamba hayana hiari: leseni zao zinatoka Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kuwasha laini isiyosajiliwa ni kosa lao kabla halijawa lako. Lakini hata sheria isingekuwepo, kwa hapa kwetu kampuni isingeweza kukaa bila kujua mwenye laini, kwa sababu laini siku hizi ni akaunti ya pesa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikafuata, namba ya simu ikageuka kuwa namba ya akaunti. Pesa unayoiona kwenye simu ina pesa halisi iliyowekwa benki kwa niaba ya wateja, na anayeshika fedha za watu lazima aweze kusema ni za nani. Mteja akifa, warithi watakuja na cheti cha kifo na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na wataulizia jina lililo kwenye laini. Mteja akipoteza simu, atataka namba yake irudishwe kwenye kadi mpya. Bila kidole kinacholingana, duka litajuaje kwamba aliyesimama pale kaunta ndiye mwenyewe na si mwizi aliyemchungulia namba ya siri?

Hapo kwenye kurudisha laini ndipo ninapoona faida kubwa ya alama za vidole kwa mwananchi wa kawaida. Enzi za fomu, mwizi alihitaji kujua jina lako na namba chache unazopiga mara kwa mara, anakwenda dukani, anasema simu imepotea, anaondoka na namba yako kwenye kadi yake. Sasa anahitaji kidole chako. Mlango huo umebana sana.

Sababu inayotajwa zaidi kwenye matangazo ni utapeli, zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii". Hapa niseme wazi ninavyoona: usajili umesaidia, lakini haukuumaliza, na haungeweza kuumaliza peke yake, kwa sababu tapeli hatumii laini ya jina lake. Anatumia laini kama yako, ya jina la mzee fulani aliyebonyeza kidole mara tatu. Ripoti za TCRA zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro kuwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli, na polisi wakifuata namba iliyotumika wanaanza na jina lililosajiliwa. Mtu wa kwanza kuulizwa maswali ni yule mzee. Kwa hiyo ninapokushauri kuachana na laini hiyo, sikuogopeshi wewe tu. Namba yako ikiwa safi leo, hujui kama kadi nyingine zilizosajiliwa kwa kidole hicho hicho hazifanyi kazi chafu mahali pengine, na siku mwenye jina akienda kulalamika, zote zitafungwa pamoja, ya tapeli na yako.

Sasa tuje kwenye hatima. Watu wanasema "laini isiyosajiliwa itafungwa" kana kwamba zote ziko sawa, wakati kila aina ina njia yake.

Kadi mpya ambayo haijasajiliwa kabisa haina haja ya kufungwa, kwa sababu haijawahi kufunguliwa. Ukiitia kwenye simu, mnara unaitambua, pengine hata jina la mtandao linaonekana juu ya skrini, lakini huwezi kupiga, kutuma ujumbe wala kuingia intaneti. Kwa maana hiyo, ukiuziwa kadi stendi na ikakubali kupiga hapo hapo bila wewe kuweka kidole, ujue imesajiliwa kwa kidole cha mtu. Hakuna njia nyingine.

Laini za fomu za zamani hatima yake ilishapita mwaka 2020. Wapo waliokuwa wamezificha kwenye droo na wanaziibua leo wakitaka zirudi. Nyingi namba zake zimeshauzwa upya kwa watu wengine.

Aina ya tatu ni yako: imesajiliwa kihalali machoni pa mfumo, ila kwa mtu asiyeijua. Hii haifungwi na mashine kwa sababu mashine haioni kasoro. Inafungwa na tukio. Tukio linaweza kuwa mwenye jina amehakiki namba zake na kuikana. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Serikali iliendesha uhakiki wa nchi nzima, mwisho ukawa 13 Februari, na laini ambazo hazikuhakikiwa zikazimwa. Lakini uhakiki haukuisha siku hiyo. Mtu yeyote siku yoyote anaweza kupiga `*106#` akaangalia namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake, na akiona asiyoijua akapiga 100 au akaenda dukani kuikana. Tukio lingine ni laini kuripotiwa kwa utapeli kwa kutuma ujumbe wa tapeli kwenda 15040. Lingine ni la kawaida kabisa: simu imepotea, na wewe huna namna ya kuirudisha.

Laini ikishafungwa, mambo yanakwenda kwa hatua, na ni vizuri uzijue ili usichanganye na tatizo la mtandao. Kwa kawaida huanza kukatika kupiga na kutuma, wakati kupokea bado kunafanya kazi, hivyo mteja anakupata lakini wewe humpati. Baadaye na kupokea kunakatika. Anayekupigia anaambiwa namba haipatikani, na wewe simu yako inaonyesha huna huduma. Akaunti ya pesa nayo inazuiwa. Namba inawekwa kando kwa muda, kisha inarudishwa sokoni kwenye kadi mpya. Hatua hii ya mwisho watu hawaifikirii. Siku namba yako ya sasa itakapouzwa kwa mtu mwingine, ujumbe wa benki yako, namba za kuthibitisha kuingia kwenye barua pepe, hata WhatsApp yako, vyote vitamfikia yeye. Hatakuwa amekudukua. Utakuwa umemwachia mlango wazi.

Na pesa zilizobaki humo? Kampuni haizili. Zinabaki zikidaiwa na mwenye jina, au warithi wake. Ukienda dukani na kueleza kwamba zilikuwa za vitambaa, mhudumu anaweza kukuamini kabisa na bado asiwe na kitufe cha kukupa. Ndiyo maana nilianza na pesa.

Haya, unafanyaje. Chukua kwamba leo una shilingi 340,000 kwenye laini hiyo, umekopa kidogo kwenye mkopo wa simu, benki yako inakutumia ujumbe kwa namba hiyo, na wateja kama mia wamekuandika kwenye simu zao.

Lipa mkopo wa simu kwanza, kwa sababu deni likibaki linamwangukia mwenye jina, na pia linaweza kuzuia laini isibadilishwe chochote dukani. Kisha toa pesa iliyobaki. Usiihamishie kwa rafiki kwa kumbukumbu ya "ni yako". Itoe taslimu au iweke benki kwa jina lako.

Baada ya hapo nenda kwenye duka la kampuni lenyewe, si kwa wakala wa mwavuli, ukiwa na namba yako ya NIDA. Kadi ngumu si lazima, namba inatosha, na kama huikumbuki unaweza kuitafuta kupitia `*152*00#` kwenye huduma za utambuzi. Mhudumu mweleze ukweli ulivyo: laini umeinunua ikiwa imesajiliwa, jina si lako, unataka iwe yako. Njia iliyonyooka ya kubadilisha umiliki ni mwenye jina kuwepo, akaweka kidole kuiachia, nawe ukaweka chako kuipokea. Kama angekuwa mume, kaka au mwajiri wako, mngemaliza asubuhi moja. Kwa kuwa humjui, kampuni haitakupa mawasiliano yake, na haifai ikupe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Unaweza kuomba kampuni imtafute yenyewe. Akipatikana na akakubali, una bahati. Akisema haijui, laini itafungwa pale pale, kwa hiyo usiombe hivyo kabla hujamaliza mambo ya pesa na benki niliyoyasema.

Usidanganyike na mtu atakayekuahidi "kuibadilisha jina" kwa elfu ishirini bila mwenyewe kuwepo. Usajili ni bure, na anayeweza kuondoa jina la mtu bila kidole chake anaweza kuondoa lako vilevile. Kuhama mtandao na namba yako, huduma iliyokuwepo tangu mwaka 2017, nako hakusaidii, maana namba inahama na mwenye nayo.

Uwezekano mkubwa, dada, ni kwamba namba hiyo utaipoteza. Najua inauma kwa mtu ambaye namba ndiyo bango la kazi yake. Kwa hiyo sajili laini mpya hapo hapo dukani, kwa kidole chako, na ukae na laini zote mbili kwa wiki chache wakati ile ya zamani bado iko hai. Muda huo ndio mali yako. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba kwenye mipangilio; ukiitumia, mazungumzo na makundi yako yanakuja nawe na unaweza kuchagua watu wajulishwe. Benki ni lazima uende tawini ukajaze namba mpya. Barua pepe na Facebook zibadilishe ukiwa bado unapokea ujumbe kwenye namba ya zamani, kwa sababu mara nyingi wanatuma namba ya kuthibitisha huko kwanza. Wateja watumie ujumbe mmoja mmoja ukitaja jina lako na kazi uliyowashonea, maana ujumbe mtupu wa "hii ni namba yangu mpya, pesa tuma huku" ndio huo huo wa matapeli na wenye akili hawataujibu.

Jambo moja linalokuhusu wewe kama fundi. Sindano na mkasi huchubua ncha za vidole, hasa gumba na cha shahada vya mkono unaoshonea, na unaweza kufika dukani kidole kikagoma. Kidole kinaweza kugoma kweli, si kila "weka tena" ni wizi. Osha mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha, kisha omba kidole cha mkono mwingine. NIDA walichukua vidole vyako vyote, na kidole cha pete au kidogo mara nyingi huwa kizima kwa kuwa hakifanyi kazi nzito. Vikigoma vyote, maduka ya kampuni yana njia ya kukuuliza maswali yanayotokana na taarifa ulizojaza NIDA, kama vile mahali ulipozaliwa au shule ya msingi uliyosoma. Wakala wa mtaani hana njia hiyo, na akisema anayo, ondoka.

Utatofautishaje kugoma kweli na ujanja? Omba kuiona skrini kila mara kabla ya kubonyeza tena. Kidole kilichokataliwa kinaleta maneno ya kukataa. Kilichokubaliwa kinaleta majina yako. Ukiona majina yako yametokea, hakuna sababu yoyote ya kubonyeza tena kwa laini hiyo hiyo. Angalia pia kwamba zile tarakimu za mwisho za namba ya kadi kwenye skrini ndizo zilizo mgongoni mwa kadi utakayopewa. Anayekataa kukuonyesha, usimpe kidole.

Kisha, ukiwa bado umesimama pale dukani na laini mpya, piga `*106#` na uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Fanya hivyo tena baada ya siku kadhaa, kwa sababu usajili mwingine huchelewa kuonekana. Nakusisitizia hili kwa sababu aliyekuuzia laini ya mtu anaweza pia kuwa ameuza ya kwako kwa mwingine, hasa kama umewahi kusajili laini stendi au mnadani. Ukikuta namba usiyoijua, usiipigie wala kubishana na anayeitumia. Huenda ni mtu kama wewe, aliyenunua bila kujua, au huenda ni tapeli, na kwa hali zote mbili huna cha kujadiliana naye. Andika namba hiyo, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, weka kidole, ikane, na uombe uthibitisho kwamba imeondolewa, hata kama ni ujumbe tu kwenye simu. Ukiambiwa imeshatumika kwa utapeli, pita na polisi utoe taarifa, ili jina lako liwepo kwenye vitabu vyao kama mlalamikaji kabla halijaonekana kama la mtuhumiwa.

Ile kadi ya stendi, ukishahamisha kila kitu, usimpe mdogo wako wala kuiuza kwa bei ya kutupa. Irudishe duka la kampuni na useme umeacha kuitumia. Wakikuambia hawana haja na kadi yenyewe, ikate katikati kwa mkasi, kwenye ile sehemu ya dhahabu.